Karatasi Moja Haitoshi Kumpima Mtoto

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minane. Mwalimu wake wa skuli amejaza karatasi ya maswali, na karibu kila swali amelijibu "mara nyingi sana": hasikilizi, hamalizi kazi, huzungukazunguka darasani. Baba aisomapo karatasi hiyo peke yake husema, mwanangu ana ADHD, yaani ile hali ya kukosa makini na kutotulia.

Daktari mjuzi hakati shauri hapo. Kanuni iliyotolewa Amerika mwaka 2013 yataka, kwa mtoto, dalili sita au zaidi za kukosa makini, au sita za utukutu, zilizodumu miezi sita. Kadhaa ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na kadhaa zionekane mahali pawili au zaidi. Basi akamwuliza mama, naye akasema nyumbani hutulia, ila redio huifungulia sauti mno. Mwalimu wa chuoni, ambaye mtoto huketi naye goti kwa goti, hana malalamiko. Skuli huketi nyuma kabisa. Masikio yakapimwa, yakakutwa na maji nyuma ya ngoma.

Na kinyume chake hutokea. Mwenye hali hii kweli aweza kutulia tuli nusu saa mbele ya daktari, kwani mahali ni pageni na yuko na mtu mmoja tu. Kwa hivyo twawaomba wazazi wachukue na madaftari na ripoti za miaka iliyopita. Mzazi na mwalimu wakihitilafiana, si lazima mmoja awe mwongo; kila mmoja amemwona mtoto katika kazi nyingine.