Ukate au Uache? Hesabu ya Ncha Zilizochoshwa na Blichi

Nywele nyeusi hazifiki kwenye njano ya mpauko kwa mkupuo mmoja. Kwanza zinageuka nyekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu njano iliyokolea, na ndipo zinakaribia ile rangi ambayo mteja alimwonyesha msusi kwenye simu. Mara nyingi hiyo ni kazi ya kukaa kitini zaidi ya mara moja, na kila mara blichi inaondoa kitu kingine pamoja na weusi. Baada ya wiki chache, swali la rangi limeshakwisha na limebaki la mkasi. Ncha zimekuwa kama nyasi kavu, kila ukichana vinabaki vipande kwenye chanuo, na mwenye nywele anasita, kwa sababu urefu huo ameulea miaka.

Tuanze na kilichotokea ndani ya unywele. Kwa nje unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana, na juu ya magamba hayo kuna utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasiingie ovyo. Blichi ni unga unaochanganywa na pereoksaidi. Mchanganyiko huo hufumua magamba, huingia ndani na kuvunja rangi nyeusi. Njiani unaondoa ule utando wa mafuta na kukata sehemu ya viungo vya salfa vinavyoshikilia protini za nywele zisiachiane. Unywele uliopoteza viungo hivyo hunywa maji kupita kiasi, hufura, na ukiwa umelowa ndipo unapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote.

Ncha huumia zaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umri: ncha ya unywele wa sentimita 24 imekuwa ikichanwa, ikioshwa na kupigwa draya kwa miaka miwili au zaidi. Ya pili ni kurudiwa. Msusi anapopaka blichi mara ya pili ili kuweka rangi sawa, mara nyingi anapitisha brashi mpaka chini, hivyo ncha zinapata dozi mbili au tatu wakati sehemu ya juu imepata moja. Kama ncha hizo ziliwahi pia kuwekwa dawa ya kulainisha, hali huwa mbaya zaidi, kwa maana dawa nayo hudhoofisha viungo vilevile.

Unywele uliokwisha kutoka kwenye ngozi hauna uhai, kwa hiyo hauwezi kujiponya. Mafuta na kondishena hulainisha magamba ili yasikwaruzane. Bidhaa za protini, na zile zinazotangazwa kuwa zinaunganisha viungo vilivyokatika, huweza kupunguza kukatika kwa sehemu ambayo bado imeshikamana. Lakini ncha iliyokwisha kupasuka mara mbili haigandi tena ikawa moja. Inaweza kulazwa kwa losheni ikaonekana nzima mpaka utakapoosha tena. Ikiachwa, ufa unaweza kuendelea kupanda, na kipande kilichohitaji kukatwa milimita chache mwezi huu kikahitaji sentimita nzima baadaye.

Hata hivyo, si vizuri kuamua siku ileile ya blichi. Nywele zinatoka saluni zikiwa zimepakwa tritimenti na kupigwa draya, zinang'aa, na hali yake halisi haionekani. Ziache mpaka uzioshe mara mbili au tatu nyumbani, ndipo uzikague. Kuna hali moja tu isiyosubiri: unywele ukilowa unavutika kama chingamu na haurudi. Hapo protini zimeachia, na sehemu hiyo itakatika yenyewe upende usipende. Ikatwe mapema.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Chukua unywele mmoja uliolowa, ushike kwa vidole vya mikono miwili, uvute polepole. Unywele wenye nguvu huvutika kiasi kisha hurudi. Unywele uliochoka hukatika papo hapo, au huvutika ukabaki hivyo. Fanya hivyo kwa nywele kadhaa za sehemu mbalimbali za kichwa, maana za kisogoni na za mbele hazifanani.

Kisha angalia zilizobaki kwenye chanuo. Unywele uliong'oka wenyewe una kinundu cheupe upande mmoja na una urefu wake wote. Huo umemaliza muda wake, na kila mtu hupoteza wa namna hiyo kila siku. Kipande kifupi kisicho na kinundu ndicho kilichokatika. Kinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona ncha imegawanyika kama manyoya ya brashi iliyochakaa, uharibifu uko mwishoni. Ukiona vidoa vyeupe katikati ya unywele, na ukiukunja hapo unavunjika, tatizo limepanda juu, na kupunguza ncha peke yake hakutatosha.

Baada ya hapo inakuja hesabu ambayo wengi hawaifanyi, ilhali aliyeblichi ana rula kichwani mwake. Weusi unaoota chini unaonyesha nywele zimekua kiasi gani tangu siku ya rangi. Kwa kawaida ni karibu sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi hupungua hapo kidogo. Chagua sehemu tatu, kwa mfano utosini, kisogoni na juu ya sikio. Zikiwa kavu, nyoosha kishungi taratibu na upime urefu wote kwa utepe wa fundi cherehani, uandike. Rudia baada ya miezi miwili, ukipima pia ule weusi.

Tuseme dada mmoja alipima sentimita 24 siku alipotoka saluni. Sentimita 10 za mwisho zilikuwa na blichi ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo zimepata dozi mara mbili. Baada ya miezi miwili weusi una sentimita 2, lakini urefu wote bado ni 24. Maana yake sentimita 2 zimekatika chini huku yeye akiamini anatunza urefu. Mkasi haujagusa nywele zake, lakini amepunguzwa, tena bila mpangilio: unywele huu umekatikia hapa, ule pale, na ncha zimekuwa nyepesi kiasi cha kuonekana nguo upande wa pili.

Anaporudi saluni, msusi anazishika zile ncha akazinyanyua. "Dada, hizi za chini zinakula zile zinazoota juu," anamwambia. "Tukitoa nne leo, utaanza kuona faida."

Anakubali. Urefu unashuka kutoka 24 hadi 20, na sehemu iliyochoka inabaki sentimita 4. Miezi miwili baadaye zimefika 22, wanatoa 2. Miezi miwili mingine, wanatoa 2 tena, na sasa sehemu yote ya dozi mbili imekwisha. Akiacha mkasi kwa miezi minne inayofuata, na kukatika kukiwa kumepungua kama inavyotarajiwa, atarudi kwenye 24 miezi minane baada ya ule mkato wa kwanza. Kama angekataa kukata, na nywele zikaendelea kukatika kwa kasi ileile, utepe ungesoma 24 hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wa kwanza ana sentimita 24 zilizojaa mpaka mwisho, na wa pili bado ana zilizochanika.

Vipimo vingekuwa vingine, uamuzi ungebadilika. Kama baada ya miezi miwili angepata 25.5, angekuwa anapoteza nusu sentimita tu. Huyo hana sababu ya kutoa nne kwa siku moja. Anaweza kukaa na urefu wake na kupunguza kidogo kidogo kila baada ya wiki nane hadi kumi, akikata ncha zilizopasuka pekee. Anayepaswa kufikiria kukata sana ni yule ambaye kukatika kwake kunafikia au kunapita kukua kwake.

Yuko pia wa tatu, ambaye ncha zake si mbaya sana lakini nywele zinakatikia pale weusi mpya unapokutana na njano. Kwenye nywele za kipilipili jambo hili ni la kawaida. Nywele mpya zinajisokota vizuri, za blichi zimelegea, na kwenye maungio hayo chanuo hukwama. Huyu akipunguza ncha kila mwezi hatapata nafuu, kwa sababu hazikatiki huko. Kinachomsaidia ni kuzichambua kwa vidole zikiwa na kondishena, kuanzia chini kwenda juu, kuacha kuzichana kavu, na kuepuka misuko inayovuta mizizi. Vipande vikiendelea kuanguka vikiwa virefu, yaani vimekatikia juu, basi njia iliyobaki ni kukata fupi na kuanza na zile nyeusi.

Kuhusu ukataji wenyewe, mkasi uwe wa nywele na uwe mkali. Mkasi wa jikoni au uliokata vitambaa huponda unywele badala ya kuukata, na mahali palipopondwa ndipo patakapopasuka tena. Usikate zikiwa zimelowa, kwani nywele za blichi zikilowa hurefuka, na zikikauka utakuta zimepanda kuliko ulivyokusudia. Kwa za kipilipili, sokota twisti ndogo zikiwa kavu na zimenyooshwa bila moto mkali, kisha kata mwisho wa kila twisti, sentimita 1 hivi juu ya pale ufa unapoishia. Ukikata katikati ya ufa, umeuacha nusu.

Faida yote hiyo inaweza kupotea siku ya kurudia rangi. Mwambie msusi mapema kwamba blichi iguse weusi mpya peke yake, na zile za njano azipake kondishena nzito kabla hajaanza, ili mchanganyiko ukitiririka usizishike. Kama rangi ya juu na ya chini zitatofautiana, azisawazishe kwa tona ya pereoksaidi hafifu, ambayo inatia rangi bila kupausha upya. Akisema lazima blichi ipite mpaka chini, basi hiyo ni dozi ya tatu kwa ncha, na ni bora kukubaliana papo hapo ni sentimita ngapi utakuwa tayari kuzitoa baada ya miezi miwili, au ukae na hiyo tofauti ya rangi.