Je, Wajua? Michirizi Myeupe kwenye Nguo Nyeusi

Je, wajua kwamba michirizi myeupe inayojitokeza kwenye buibui jeusi likishakauka si rangi iliyochuja? Ni mabaki yaliyong'ang'ania juu ya nyuzi, na mara nyingi hutoka. Shati jeupe lililofuliwa kwenye beseni hilohilo huenda limebaki nayo vilevile, ila hayaonekani.

Je, wajua kwamba kidole kilicholowa maji kinaweza kukuonyesha chanzo? Sugua mchirizi. Ukiteleza na kutoa povu kidogo, ni sabuni ya unga ambayo haikuyeyuka, ikanasa kwenye mikunjo. Ukihisi kama mafuta, shuku kilainishi. Ukibaki mkavu, kama vumbi lililoganda, dondoshea siki: vikitoka vipovu vidogo, hiyo ni chokaa.

Je, wajua chokaa hiyo inatoka wapi? Visima vingi vya Unguja na Mombasa vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake hubeba kalisi nyingi. Sabuni nyingi za unga zina magadi. Magadi yakikutana na kalisi, chokaa hujitenga na maji na kutua kwenye kitambaa. Maji ya namna hii utayajua mapema, kwa sababu sabuni ya kipande haitoi povu upesi na huacha utando juu ya maji. Kwa nguo nyeusi, mimi ningetumia maji ya mvua bila kusita.

Je, wajua kwamba siki nyeupe huiondoa chokaa hiyo? Chukua buibui lenye michirizi ya chokaa, lisuuze kwanza hadi sabuni iishe, kisha liloweke nusu saa kwenye ndoo ya lita 10 za maji yaliyotiwa nusu kikombe cha siki. Suuza tena, ulianike likiwa limegeuzwa ndani nje. Chembe zikibaki bila kutoa vipovu, siki haitazifaa. Likishakauka, zipanguse kwa brashi laini.

Je, wajua kwamba kilainishi na sabuni havipatani? Vikikutana majini hushikana na kuwa utando mzito. Ndiyo maana kilainishi hutiwa kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, yakiwa hayana povu tena, na hukorogwa kabla nguo haijaingia. Kikimiminwa moja kwa moja juu ya nguo, huacha doa. Lisugue kwa sabuni ya kipande, ufue tena kwa maji ya uvuguvugu.

Sabuni ya unga nayo iyeyushe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, ukoroge hadi usihisi punje vidoleni, ndipo utie nguo. Kwa mashine, usiijaze pomoni: nguo zilizobanana hazipitishi maji, na unga hubaki katikati yake.

Na tafadhali, siki usiichanganye kamwe na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.