Sala ya kapteni, ng'ambo ya Lualaba

Mji wa Kindu, Maniema, umegawanywa na mto. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa Lualaba, Alunguli iko peke yake ukingo wa kulia. Timu ya ng'ambo ikija kucheza Alunguli, lazima kwanza ivuke maji, viatu vya mpira vimefungwa kamba na kuning'inizwa shingoni. Kwa hiyo mwenyeji anayeomba kabla ya mechi ana la kuanzia: wageni wamefika salama.

Mimi ningependa aombe kapteni, si kocha. Kanuni ya 3 ya soka haimpi kapteni upendeleo wowote, ila inamwajibisha kwa kiasi fulani kwa mwenendo wa wenzake. Wakianza kumzonga refa, yeye ndiye wa kuwarudisha nyuma.

Na asiombe ushindi. Mashariki ya Kongo tunajua mpira ukichanganywa na nguvu za giza unafika wapi. Septemba 2008, huko Butembo, kipa alishukiwa kutumia uchawi katikati ya mechi. Ugomvi ukazuka, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, watu wakakanyagana wakikimbilia nje, na zaidi ya kumi wakafa. Sala inayomtaka Mungu amfunge miguu mpinzani haina tofauti kubwa na hirizi iliyofukiwa golini.

Basi nimejaribu kumwandikia kapteni wa Alunguli maneno yake. Wachezaji wameshikana mabega, mpira uko chini katikati yao:

“Ee Mungu, asante kwa kuwavusha ndugu zetu. Bila wao leo tungekuwa tunafanya mazoezi tu. Wape pumzi na miguu mizima kama unavyotupa sisi. Mpira ukinigusa mimi mwisho kabla ya kutoka, uzuie mkono wangu usidai mpira wa kurusha ni wetu. Nikiguswa kidogo, nisijiangushe kwenye eneo la penalti. Refa ana macho mawili tu. Akikosea, nipe ulimi wa kumwuliza bila kumtukana. Mwenzetu wa upande wa pili akilala chini ameumia, tuutoe mpira nje hata kama goli liko wazi. Wakitufunga, tuwape mkono. Na jioni uwavushe tena kabla giza halijaingia. Amina.”

Nimeacha kutaja dini kwa makusudi. Maniema ina Waislamu wengi tangu enzi za misafara ya Nyangwe na Kasongo, na kwenye duara moja utamkuta Yusufu kando ya Yosefu. “Mungu” na “Amina” vinawatosha wote wawili.

Ombi gumu kuliko yote ni lile la mpira wa kurusha. Penalti ya uongo refa anaweza kuigundua na kutoa kadi ya njano. Lakini mpira uliokuparuza kisigino ukapita mstari, mara nyingi unaujua peke yako, na mkono huinuka wenyewe hata kabla hujafikiri.

Sala yote haimalizi dakika moja. Refa yuko katikati ya uwanja na sarafu yake, anawasubiri makapteni wawili.