Ndevu zenye mapengo: dawa gani inasaidia kweli?

Kwenye saluni za Mangobo na Makiso, kijana mwenye ndevu za kidevu tu hakosi kuambiwa: « Paka tu hii mafuta, mwezi moja ndevu itajaa. » Anatoa franga, anapaka, na mwezi unaisha mashavu yakiwa vile vile.

Mafuta, yawe ya nazi, ya mbegu za ngazi au ya chupa kutoka ng'ambo, yanalainisha ngozi na kung'arisha ndevu zilizopo. Pale nywele haijaota, hayaiotishi. Vidonge vya biotini navyo vinasaidia mtu aliyepungukiwa na vitamini hiyo, na watu hao ni wachache sana. Tena vinaweza kuharibu majibu ya vipimo vya damu, kwa hiyo daktari aambiwe.

Minoksidili iko tofauti. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, na wagonjwa wakaota nywele mwilini. Baadaye ikatengenezwa ya kupaka kichwani. Kwa ndevu, utafiti uliotangazwa mwaka 2016 huko Tailandi ulifuata wanaume 48 kwa wiki 16. Waliopaka ile ya asilimia 3 waliota ndevu zaidi kuliko waliopaka maji yasiyo na dawa. Ni ushahidi mdogo, lakini upo.

Tuseme kijana wa miaka 22 anafuata kipimo cha utafiti ule: nusu mililita asubuhi, nusu jioni. Chupa ya mililita 60 itamfikisha siku 60, kwa hiyo wiki 16 zinaomba chupa karibu mbili. Akiacha, ndevu alizopata zinaweza kupungua tena. Ngozi inaweza kukauka na kuwasha. Moyo ukienda mbio, kizunguzungu kikimshika au miguu ikivimba, aache mara moja na aone daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo asianze bila kumuuliza. Anawe mikono kila akipaka, na asibebe mtoto uso ukiwa na majimaji, maana dawa inaweza kuotesha mtoto nywele.

Kabla ya kununua, aangalie kwanza pengo lenyewe. Kama liko tangu ndevu zianze kuota, ni urithi au umri. Kwa wengi ndevu zinaendelea kujaa mpaka karibu na miaka 30, na baba au wajomba wanaweza kuonyesha zitafika wapi. Lakini pengo la mviringo, laini, lililotokea ghafla ni ugonjwa. Magamba, upele au usaha navyo vinaweza kuwa kuvu. Huyo aende kituo cha afya, si saluni.

Kwa asiyekuwa na ugonjwa, njia isiyo na gharama ni kuacha ndevu wiki nne bila kunyoa, zile ndefu zifunike mapengo, halafu kinyozi azipunguze zilingane. Kunyoa mara kwa mara hakuongezi nywele hata moja.