Saa moja inayoombwa, na nani atakayeijaza

Barua nyingi za kuomba kubadilishiwa saa ya kuingia kazini hufanana: mwombaji anakaa mbali, foleni ni kubwa, usafiri ni wa shida, hivyo anaomba afikiriwe. Meneja anayezisoma anaishi Dar es Salaam hiyo hiyo. Foleni anaijua. Asichokijua ni nani atashika kazi saa ile ambayo mwombaji hatakuwapo, na barua isiyomjibu hapo huishia kwenye faili.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayekaa Chanika, kazi yake ikiwa kwenye ghala la sabuni na vipodozi Mikocheni. Yeye ndiye anayekagua oda na kuandika hati za mizigo kabla magari hayajapakiwa. Zamu yake huanza saa 1:00 asubuhi na kuisha saa 10:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hufanya saa 5. Kila asubuhi hupanda daladala hadi Gongo la Mboto, kisha gari la pili linalopita Tazara, Buguruni na Ubungo hadi Mwenge, na kutoka hapo humalizia kwa bajaji. Daraja la Mfugale pale Tazara lilianza kutumika mwaka 2018, lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, na kweli makutano hayo mawili yalipumua. Lakini daraja haliongezi viti kituoni. Gongo la Mboto asubuhi bado watu hugeuza na gari: hulidaka likiwa linaelekea mwisho wa safari na kulipa nauli mara mbili ili warudi nalo wakiwa wamekaa.

Hatua yake ya kwanza ni daftari. Kwa wiki mbili anaandika saa aliyotoka nyumbani, saa aliyopata gari la pili na saa aliyofika getini. Safu ya katikati ndiyo yenye habari. Tuseme hutoka saa 10:45 alfajiri. Siku gari likipatikana mapema hufika saa 12:50, siku likikosekana hufika saa 1:35. Umbali ni ule ule, kinachobadilika ni kusubiri. Sasa anaweza kuandika sentensi ambayo meneja ataishika: “Katika siku 10 za kazi nilizoandika, nilifika baada ya saa 1:00 siku 4, na siku zote 4 nilikuwa nimesubiri gari Gongo la Mboto kwa zaidi ya dakika 40.” Hapo hakuna malalamiko ndani yake, na inaweza kulinganishwa na rekodi za ofisi.

Kabla ya kuomba saa 2:00 kuna mtego. Anayetoka nyumbani saa moja baadaye si lazima afike saa moja baadaye. Huenda akaangukia kwenye kundi la wanafunzi na watumishi wa maofisini, akafika saa 2:40, na mwezi ukiisha anaonekana mchelewaji sugu wa saa aliyoichagua mwenyewe. Jumamosi haifai kwa majaribio, kwa kuwa barabara siku hiyo ni nyingine kabisa. Afadhali atumie siku moja ya likizo katikati ya wiki, au amfuate jirani anayeingia kazini saa 2:00 na kumuuliza hutoka saa ngapi. Mfanyakazi wetu anagundua kwamba akitoka saa 11:15, nusu saa tu baada ya kawaida yake, hufika kabla ya saa 2:00 hata siku mbaya. Usingizi anaoupata ni dakika 30, si saa nzima. Anachopata hasa ni uhakika wa kufika. Jioni nako atatoka saa 11:00 badala ya saa 10:00, katikati ya msongamano wa kurudi. Hilo alipime kabla hajasaini chochote.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, na anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo hupewa mapumziko ya walau dakika 60. Kwa zamu mpya ya saa 2:00 hadi saa 11:00, ukitoa saa ya chakula, zinabaki saa 8 kwa siku. Mara 5 ni 40, na 5 za Jumamosi zinatimiza 45. Hesabu hii inafaa iandikwe ndani ya barua, kwa sababu mameneja wengi huogopa kwamba ile saa ya jioni itakuja kudaiwa kama ovataimu. Sheria haimlazimishi mwajiri kukubali, wala haimpi siku za kujibu. Uingereza, tangu Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba mabadiliko ya namna hii tangu siku ya kwanza kazini, na mwajiri ana miezi 2 ya kutoa uamuzi. Huku kwetu barua ndiyo ipendekeze tarehe ya kukaa na kuzungumza.

Sasa ile saa iliyo wazi. Magari ya ghala hili hupakia kuanzia saa 1:00, yaani anaomba kuondoka saa ile ile anayohitajika zaidi. Dawa iko jioni: kati ya saa 10:00 na 11:00, wenzake wakiwa wameshaondoka na simu zimepungua, anaweza kukagua na kuandika hati za magari mawili ya kwanza ya kesho. Zinabaki oda za dharura zinazoingia alfajiri. Kwa hizo amezungumza na mwenzake anayekaa Kawe, ambaye yuko tayari kuzishika hadi saa 2:00.

Barua yenyewe basi haijazi hata ukurasa mmoja. Inapitia kwa msimamizi wa zamu, maana kumruka ni kumtafuta awe adui:

“YAH: OMBI LA KUANZA ZAMU SAA 2:00 ASUBUHI BADALA YA SAA 1:00

Naomba kuanza kazi saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Saa zangu za wiki zitabaki 45. Hati za magari mawili ya kwanza nitaziandaa jioni ya siku iliyotangulia. Oda za dharura kabla ya saa 2:00 zitashikwa na mwenzangu, ambaye amekubali na kusaini hapa chini. Nimeambatisha rekodi ya safari zangu za siku 10. Kipimo ninachopendekeza ni saa ya gari la kwanza kutoka getini. Likianza kuchelewa kwa sababu yangu, nitarudi saa 1:00.”

Kipimo hicho kinampa meneja njia ya kukubali bila kujifunga, na mwezi ukiisha mazungumzo yatakuwa juu ya kitabu cha mlinzi wa geti, si juu ya nani anapendelewa.

Jibu la mdomo la “sawa, anza Jumatatu” halitoshi. Saa za kazi ni sehemu ya maelezo ya maandishi ya ajira, na sheria inamtaka mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi yanapobadilika, kisha amjulishe kwa maandishi. Lakini kinachowaumiza watu mara nyingi ni kidogo zaidi: mashine ya alama za vidole. Kama ofisi ya rasilimali watu haijabadilisha saa yake ndani ya mfumo, itaendelea kumhesabu mchelewaji kila asubuhi, na mwisho wa mwezi ripoti itasomwa na mtu asiyejua makubaliano. Nakala ya barua iende huko siku hiyo hiyo.

Meneja akikataa saa nzima, nusu saa nayo inajadilika. Kwa daftari la mfanyakazi huyu, kuingia saa 1:30 kungeacha siku moja tu ya kuchelewa kati ya zile nne.