Safari Inapovunjika, Mwenzio Umwambieje?

Hutokea watu wawili wakafunga nia ya safari moja kwa muda mrefu, wakaizungumza barazani na kuiwekea akiba, kisha mmoja wao akazuiliwa. Hapo ulimi huwa mzito. Nasi twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu, khasa vijana, namna ya kuifikisha khabari hiyo kwa wema. Maana tumeona urafiki wa miaka ukiingia ufa, si kwa kuvunjika safari, bali kwa jinsi mwenziwe alivyoambiwa.

Natuchukue mfano tuujuao. Mabwana wawili wa Tanga walikusudia kwenda Lamu kwa Maulidi yasomwayo mwisho wa Mfungo Sita, penye Msikiti wa Riyadha. Kila mwezi kila mmoja alitoa shilingi 20,000, na kwa miezi 14 zikatimia 560,000, nazo zikiwekwa kwa yule wa kwanza. Wa pili alikwisha kata tikiti mbili za basi mpaka Mombasa kwa fedha zake, na mwenyeji wao wa Lamu aliwawekea chumba. Zilipobaki wiki tatu, mama yake yule wa kwanza akaanguka, akavunjika nyonga.

Jirani walimshauri angoje, huenda mama akapata nafuu. Alingoja siku mbili tu, mpaka daktari alipomwambia kuwa mgonjwa atapasuliwa, na kwamba kwa wiki nyingi hatatembea pasi na kushikwa. Yeye ndiye mwana pekee aliye karibu. Basi alikwisha jua, na tangu hapo kila siku ya kunyamaza ingekuwa khasara ya mwenziwe, ambaye angezidi kununua na kuaga watu. Wengi hujificha hapa nyuma ya neno inshaallah. Neno hilo tumefundishwa katika Sura ya Al-Kahf tuliseme tunuiapo jambo. Halikuwekwa liwe pazia la mtu ajuaye moyoni kwamba haendi.

Alikwenda mwenyewe baada ya sala ya Alasiri. Hakutuma mtoto, wala hakuandika ujumbe wa simu, kwani ujumbe husomwa popote, pengine mbele ya wateja, na msomaji hana uso wa kuutazama. Alimkuta mwenziwe barazani pamoja na wazee wawili, akamwita kando. Jambo hili dogo lina uzito: mtu akiambiwa mbele ya watu hulazimika kucheka na kupokea, na uchungu wake hubaki ndani.

Baada ya salamu hakuzunguka. Twawajua watu ambao huanza na dunia, majaaliwa na mipango ya Mola, hata msikilizaji akadhani pana maiti. Yeye alisema: "Ndugu yangu, mimi sitaweza kwenda Lamu. Mama amevunjika nyonga, atapasuliwa, na hapana wa kumuuguza ila mimi." Sababu moja, ya kweli. Angeziongeza mbili au tatu, ile ya kweli nayo ingetiwa shaka. Tena alisema "mimi sitaweza". Hakusema "safari haipo", kwa kuwa safari ilikuwa ya wote wawili, na mwenziwe alikuwa na haki ya kuamua kama ataendelea pekee.

Kisha akatoa bahasha yenye 280,000, fungu la mwenziwe kamili, na juu yake nauli ya tikiti moja, iliyokatwa kwa ajili yake. Hakungoja kuombwa. Mwenye kudai kwa rafiki huona haya, na haya hiyo ikikaa hugeuka kinyongo.

Yule wa pili alijibu papo hapo, "Si kitu, bwana, mama kwanza." Wasomaji wetu wasihadaike na jibu hili. Kwetu "si kitu" ni adabu ya ulimi, haipimi moyo. Dalili ya kweli huonekana baadaye: asipopita tena mahali mlipozoea kukutana, au akiacha kabisa kuitaja safari, bado yamchoma. Wa kwanza alilifahamu hilo. Hakumhimiza afurahi, wala hakumwahidi Maulidi ya mwaka ujao, maana hakujua hali ya mama itakuwaje, na ahadi ya pili iliyotolewa kuipoza ya kwanza huvunjika kwa urahisi. Alisema tu, "Najua ulivyoingojea," akanyamaza, akamwachia nafasi.

Baada ya siku tatu alirudi, akamkuta amekwisha amua kutokwenda. Wakaenda pamoja ofisi ya basi, na kwa kuwa siku zilikuwa bado, wakarudishiwa sehemu ya nauli. Ile ya tikiti aliyolipia wa kwanza mwenziwe alitaka kumrudishia, wakabishana njiani kidogo, mwishowe zikanunuliwa machungwa ya mgonjwa. Mwenyeji wa Lamu walimpigia simu jioni ile, akakipa chumba wageni wengine.