Kuondoa VPN ya Chuo Baada ya Kuhitimu

Wahitimu wengi huondoka chuoni na VPN ya maktaba ikiwa bado imo kwenye kompyuta zao. Chuo kikishafunga akaunti, VPN hiyo haiunganiki tena, na mwenyewe huiona kama kitu kilichokufa. Lakini nenosiri alilolihifadhi bado limo, na kama ndilo analolitumia kwenye barua pepe yake, hatari ni ya kweli.

Tuchukue kompyuta ya mhitimu mwenyewe, yenye Windows 11. Kwanza akate muunganisho kama bado upo. Kisha afungue Settings, Network & internet, halafu VPN. Akibonyeza mshale ulio pembeni ya jina la VPN ya chuo, ataona Remove na Advanced options. Wengi hukimbilia Remove. Mimi ningeanza na Advanced options, nibonyeze Clear sign-in info ili jina la mtumiaji na nenosiri vifutike, ndipo nirudi kwenye Remove. Kuhakikisha kama imeondoka, afungue PowerShell na kuandika:

```
Get-VpnConnection
Get-VpnConnection -AllUserConnection
```

Jina la chuo lisipotokea kwenye majibu ya amri zote mbili, VPN iliyowekwa ndani ya Windows yenyewe imeondoka. Kama chuo kilitumia programu yake, kwa mfano FortiClient, hiyo hutunza taarifa zake kivyake, kwa hiyo afute muunganisho humo ndani kabla ya kuiondoa programu.

Vyuo na waajiri wengine hawategemei nenosiri peke yake, bali huweka cheti cha kidijitali kwenye kompyuta, na Remove haikigusi. Hukaa kwenye `certmgr.msc`, chini ya Personal, Certificates. Safu ya Issued By huonyesha nani alikitoa. Hapa pasiwe na haraka. Safu ya Intended Purposes ikisema Encrypting File System, cheti hicho ndicho kinachofungua mafaili yaliyofichwa kwa msimbo, na kukifuta bila nakala ni kuyapoteza mafaili yenyewe.

Wakati mwingine VPN iliyofutwa huonekana tena baada ya muda. Hiyo ni dalili kwamba kompyuta bado inasimamiwa na taasisi, nayo ndiyo inayoirudisha. Dawa iko Settings, Accounts, Access work or school, kisha Disconnect. Kabla ya kubonyeza, ahakikishe ana akaunti nyingine ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo, na amenakili ufunguo wa BitLocker, kwa sababu huenda umehifadhiwa kwenye akaunti ya chuo. Asipofanya hivyo anaweza kufungiwa nje ya kompyuta yake mwenyewe.

Kompyuta ikiwa mali ya mwajiri, asifute kitu. Airudishe kwa watu wa TEHAMA, na awaombe wabatilishe cheti na kufunga akaunti upande wao.